Pamba Ikipungua Kidogo, Faida Inakwisha Yote

Msimu wa 2019/20 Tanzania ilivuna karibu tani 348,000 za pamba mbegu. Msimu uliofuata mavuno yalishuka hadi karibu tani 122,000. Kwa Mkoa wa Simiyu, unaoongoza kwa pamba nchini, anguko la namna hiyo haliishii shambani. Linafuata barabara hadi kwenye viwanda vya kuchambulia pamba, na likishafika huko linakuwa kubwa kuliko lilivyotoka. Mjini Bariadi na kwenye mikutano ya AMCOS jambo hili huzungumzwa kila msimu, na mara nyingi kwa hoja zinazosikika kuwa na mantiki lakini zinazopotosha hesabu. Nataka kuzijibu moja moja, kwa sababu wako viongozi wa ushirika wanaozitumia kuamua mambo ya mamilioni.

Hoja ya kwanza: "Pamba ikipungua asilimia kumi, faida nayo inapungua asilimia kumi."

Tuchukue kiwanda cha mfano, tukipe namba rahisi. Kila kilo 100 za pamba mbegu hutoa takriban kilo 35 za nyuzi na kilo 60 za mbegu. Zinazobaki ni uchafu na unyevu. Nyuzi zikiuzwa shilingi 3,600 kwa kilo na mbegu shilingi 400, basi kila kilo ya pamba mbegu inayoingia mzani inaleta mauzo ya shilingi 1,500. Ili kuipata, kiwanda kimemlipa mkulima 1,150, kimelipa ushuru, tozo na usafiri 100, na kimetumia 50 kwa uniti za umeme, vibarua na vifungashio vya marobota. Jumla 1,300. Gharama hizo hupanda na kushuka pamoja na pamba: isipokuja pamba, hazilipwi. Zinabaki shilingi 200, ambazo wahasibu huziita mchango.

Shilingi 200 hizo bado si faida. Kwanza zinapaswa kulipa gharama za kudumu, yaani zile zinazodaiwa hata mashine zikilala: mishahara ya mafundi na walinzi wa mwaka mzima, bima, uchakavu wa mitambo, matengenezo ya kabla ya msimu, kodi ya ardhi, ofisi. Tuseme zinafika shilingi bilioni 1.6 kwa mwaka. Kiwanda kikichambua tani 10,000, mchango ni bilioni 2 na faida ni milioni 400.

Sasa pamba ipungue asilimia kumi, zije tani 9,000. Mchango unakuwa bilioni 1.8. Bilioni 1.6 za kudumu hazijapungua hata senti, kwa hiyo faida ni milioni 200. Pamba imepungua kwa sehemu moja ya kumi, faida imekatika nusu. Ikipungua asilimia ishirini, faida ni sifuri. Upande wa pili ni vivyo hivyo: zikija tani 11,000, faida inaruka hadi milioni 600, nusu zaidi ya ile ya awali, na hakuna meneja aliyekuwa hodari ghafla.

Kizidishi hapa ni tano, na kukipata ni rahisi: gawanya mchango wote kwa faida, bilioni 2 kwa milioni 400. Lakini asijidanganye mtu kwamba tano hiyo ni tabia ya kudumu ya kiwanda. Kwenye tani 12,000 kizidishi ni tatu. Kwenye tani 8,500 ni kumi na saba. Kadiri kiwanda kinavyokaribia mpaka wa hasara ndivyo mtikisiko mdogo wa pamba unavyokiyumbisha zaidi. Na kipimo hiki kinapima kiasi peke yake. Bei ya nyuzi ikishuka asilimia tano tu huku mkulima ameshalipwa, kila kilo ya pamba mbegu inapoteza shilingi 63, mchango unabaki 137, na kiwanda kile kile chenye tani 10,000 kamili kinaingia hasara ya milioni 230. Ndiyo maana msimu wa 2019, bei ya kununulia ilipokuwa shilingi 1,200 na soko la dunia likateremka, wanunuzi wengi walisitasita.

Hoja ya pili: "Kiwanda kikubwa kina gharama ndogo kwa kilo, kwa hiyo ndicho salama."

Nusu ya kwanza ni kweli pale tu pamba inapokuja. Bilioni 1.6 zikigawanywa kwa tani 10,000 ni shilingi 160 kwa kilo. Mavuno yakianguka kama yalivyoanguka nchini kati ya misimu ile miwili, kiwanda kikabaki na tani 3,500, gharama hizo hizo ni shilingi 457 kwa kilo. Mashine hazijabadilika, kilichobadilika ni pamba.

Mlinganishe mwenye kiwanda na mfanyabiashara asiye nacho, anayenunua pamba ile ile na kuichambulisha kwa mwenye kiwanda kwa ada ya shilingi 120 kwa kilo, juu ya zile 50 za umeme, vibarua na vifungashio. Mchango wake ni shilingi 80 tu, lakini gharama zake za kudumu ni milioni 400. Kwenye tani 10,000 naye anapata faida ya milioni 400, sawasawa na mwenye kiwanda. Kwa kuwaangalia mwaka huo mmoja huwezi kuwatofautisha. Zije tani 12,000: mwenye kiwanda anapata milioni 800, huyu milioni 560. Zije tani 3,500: mwenye kiwanda anapoteza milioni 900, huyu milioni 120. Kila mmoja amenunua kitu tofauti. Mmoja amenunua nafasi ya kuchuma sana mwaka wa neema, mwingine amenunua uwezo wa kuuona mwaka unaofuata.

Historia ya ukanda huu inaeleza kwa nini jambo hili lina uzito. Kabla ya soko kufunguliwa mwaka 1994, pamba ya wilaya za Simiyu, ambazo wakati huo nyingi zilikuwa Mkoa wa Shinyanga, ilipita kwenye vyama vya ushirika na kuishia kwenye viwanda vyao. Kiwanda kilikuwa na mashaka ya mvua, lakini hakikuwa na mashaka ya jirani. Baada ya hapo wakaja wanunuzi binafsi na viwanda vipya, hadi uwezo wa kuchambua ukazidi pamba inayolimwa. Sasa kiwanda kinaweza kukosa pamba hata mwaka wa mvua nzuri. Chama kinachotaka kununua mitambo yake kisitumie wastani wa mavuno kujipima. Kichukue msimu wake mbaya kuliko yote, kizidishe tani hizo kwa mchango, kisha kiulize nani atalipa pengo.

Hoja ya tatu: "Tusipofikisha tani 8,000 ni hasara, heri tusifungue."

Hapa watu huchanganya mpaka wa hasara na mpaka wa kufungua. Kwa tani 6,000 mchango ni bilioni 1.2 na hasara ni milioni 400. Lakini ukifunga lango, gharama za kudumu hazifungwi nalo. Tuseme kati ya zile bilioni 1.6, milioni 500 zinaweza kuepukwa ukiamua mapema: matengenezo ya msimu, mafundi wa muda, sehemu ya mkataba wa umeme. Bilioni 1.1 zitadaiwa tu. Kufungua kunakupotezea milioni 400, kufunga kunakupotezea bilioni 1.1. Mpaka wa kufungua ni pale mchango unapofika milioni 500, yaani tani 2,500. Hata ule msimu wa tani 3,500 ulistahili kufunguliwa, ingawa kwa machungu.

Angalizo ni neno "mapema". Matengenezo yakishafanyika na mafundi wakishasaini, ile milioni 500 nayo imekuwa ya kudumu. Kwa hiyo uamuzi unafanywa kabla ya msimu wa ununuzi kufunguliwa, kwa kukagua mashamba kati ya Februari na Aprili, si Julai mzani unapokuwa mtupu.

Na zipo gharama zinazojificha katikati. Fungua ankara ya umeme ya mteja mkubwa wa TANESCO. Utaona mstari wa uniti zilizotumika, na mstari mwingine unaotozwa kwa kVA, kwa kilele cha matumizi ya mwezi huo. Mstari wa pili hauulizi umechambua siku ngapi. Kiwanda kinachowasha mitambo yote siku mbili za Septemba ili kumalizia mabaki kinalipa kilele karibu sawa na kilichofanya kazi mwezi mzima. Njia nafuu ni kuyarundika mabaki ghalani, yafunikwe vizuri yasipate unyevu, kisha yachambuliwe mfululizo ndani ya mwezi mmoja. Meneja anayeandika umeme wote kama gharama inayopanda na kushuka na pamba atakuwa anakosea mchango wake kila mwisho wa msimu, na hatajua kwa nini.

Hoja ya nne: "Mnunuzi akipandisha bei mwisho wa msimu, ni ushahidi kwamba alitunyonya mwanzoni."

Mkulima anayesema hivi ana haki ya kuuliza, na mara nyingine huwa amepatia. Lakini bei ya mwisho wa msimu peke yake haithibitishi hilo. Ikifika Agosti, gharama za kudumu zimeshatoka. Kilo inayofuata haihesabiwi tena mgao wake wa 160. Inaulizwa jambo moja tu, kama italeta zaidi ya inachokula. Kwa mfano wetu, mnunuzi anaweza kuongeza shilingi 100 kwa kilo za mwisho akabaki na mchango wa 100 ambao asingeupata kabisa. Bei hiyo isingewezekana kwa kilo zote: tani 10,000 zenye mchango wa 100 ni bilioni 1, na bilioni 1.6 zinadaiwa.

Hapo ndipo wachambuaji wenyewe hujikwaa. Mmoja anaona atapata tani 8,000, anaongeza shilingi 50 ili avute pamba ya jirani, na kweli anapata 9,500. Ghala limejaa, malori yanapishana langoni. Lakini shilingi 50 hizo amezilipa kwa kila kilo, hata zile ambazo zingekuja kwake bila nyongeza. Mchango wake sasa ni 150 mara tani 9,500, yaani bilioni 1.425. Angebaki na tani zake 8,000 kwa bei ya awali, angekuwa na bilioni 1.6 na hasara isingekuwepo. Amechambua pamba nyingi zaidi, akapoteza milioni 175. Jirani aliyenyang'anywa pamba naye amesogezwa chini ya mpaka wake, na jibu lake la kawaida ni kuongeza shilingi 50 nyingine.