Ujumbe wa malipo umeingia, lakini je, friza ni yako?

Kuna aina moja ya simu ambayo sisi wa huduma kwa wateja hatufurahii kuipokea. Mteja amenunua kitu cha mtumba kutoka kwa mtu, amelipa kwa simu, amekaa nacho wiki kadhaa, halafu mkopeshaji wa yule muuzaji anatokea na madalali na kusema kitu hicho ni dhamana ya mkopo. Mteja anatusomea ujumbe wa malipo neno kwa neno: jina, kiasi, saa. Kisha anauliza, "Si hii inaonyesha ni yangu?"

Inaonyesha ulilipa. Haionyeshi kwamba kitu hakikuwa na deni juu yake.

Chukua mfano huu. Mwenye bucha anakopa 150,000 mnamo tarehe 4 Machi na kuweka friza yake kama dhamana. Wanaandikiana mkataba na kutia sahihi, lakini friza inabaki pale pale buchani ikifanya kazi. Kati ya hao wawili mambo yameisha, mkataba unawafunga. Lakini wewe uliye nje utajuaje? Friza haina logibuku, na hakuna anayebandika stika ya deni mlangoni.

Hapo ndipo inapoingia Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Zinazohamishika ya mwaka 2017. Mkopeshaji asiyeichukua mali yenyewe anatakiwa kusajili ilani katika rejista ya dhamana, inayosimamiwa na BRS na kufikiwa kupitia eCitizen. Ilani si mkataba. Ni tangazo fupi tu: nani amekopesha, nani ameweka dhamana na mali ni ipi. Ikishaingia kwenye rejista, haki ya mkopeshaji inakuwa na nguvu hata kwa watu ambao hawajawahi kumsikia. Wanasheria husema dhamana yake imekamilika. Kabla ya hapo alikuwa na makubaliano tu na mwenye bucha.

Tuseme ilani ilisajiliwa tarehe 6 Machi. Tarehe 20 Juni unamlipa mwenye bucha 42,000 kwa simu na kubeba friza. Hukujua lolote kuhusu mkopo, na yeye hakukwambia. Bucha ikikwama na mkopo ukiacha kulipwa, mkopeshaji anaweza kuifuata friza hadi kwako. Kutojua kwako hakukuokoi, kwa sababu rejista ilikuwa wazi na ungeweza kuiangalia.

Sasa badilisha tarehe moja tu. Mkopeshaji alichelewa akasajili tarehe 23 Juni, siku tatu baada ya wewe kununua. Hapo umemtangulia, na friza uliipata bila mzigo wake. Mkataba wa Machi upo na sahihi zipo, lakini siku uliyonunua dhamana haikuwa imekamilika kwa watu wa nje. Kwa hivyo usiifute ile meseji ya malipo. Itunze pamoja na karatasi iliyosainiwa na muuzaji inayosema ni friza gani, namba yake, na kwamba imekuwa yako siku hiyo. Rejista nayo ina tarehe na saa yake, na mzozo wa namna hii huamuliwa kwa kulinganisha hizo mbili.

Wengi wanauliza: basi hata nikienda dukani niombe kitambulisho cha mwenye duka? Hapana. Sheria inamlinda anayenunua kutoka kwa mfanyabiashara anayeuza bidhaa zake za kila siku, mradi mnunuzi hajui kwamba mauzo yale yanavunja haki ya mkopeshaji. Ukinunua friza mpya kwenye duka la vifaa vya stima, hata kama mzigo wote wa duka umewekwa dhamana benki, unaondoka nayo ikiwa huru. Benki yenyewe inataka duka liuze, la sivyo italipwa na nini? Lakini mwenye bucha kazi yake ya kila siku ni kuuza nyama. Kilo mbili za steki ulizonunua kwake ni zako bila swali. Friza yake ni habari nyingine. Tunaona watu wengi wanakwama hapa, kwa kuwa wamenunua "kwenye biashara" wakadhani wamenunua dukani.

Kuangalia kwenyewe si kazi ngumu. Unaingia eCitizen, unafungua rejista ya dhamana na kutafuta kwa namba ya kitambulisho cha muuzaji, au kwa namba ya mali yenyewe kama iliandikwa kwenye ilani. Fanya hivyo siku ile ile ya kulipa. Ukitafuta Jumatatu na kulipa Ijumaa, ilani inaweza kuingia Jumatano. Na kama muuzaji anakataa kutoa namba ya kitambulisho kwa kitu cha maelfu ya shilingi, sisi tungeweka simu mfukoni.

Kuna shimo moja ambalo lazima tuliseme. Tuseme mwenye bucha aliuza friza kwa jirani, na jirani ndiye anakuuzia wewe. Ukitafuta kwa kitambulisho cha jirani utapata rejista safi, kwa kuwa jirani hakukopa. Ilani iko chini ya namba ya mwenye bucha. Hapo kinachoweza kukusaidia ni namba ya friza, na kama mkopeshaji aliandika tu "vifaa vyote vya bucha", huoni kitu. Muulize muuzaji alikipata wapi na lini, kisha mtafute pia yule wa kwanza. Kwa maoni yetu, mkopeshaji anayeacha kuandika namba ya mashine huku imepigwa chapa ubavuni ana uzembe, na anayeumia ni mnunuzi. Kuandika tarakimu kumi hakumgharimu chochote.

Ukikuta ilani, si lazima deal ife. Huenda deni lilishalipwa na mkopeshaji hajaiondoa. Mwambie muuzaji alete barua ya mkopeshaji inayosema deni limeisha, au inayokubali friza iuzwe bila mzigo huo, na ilani iondolewe kabla hujatuma pesa. Kama deni bado lipo lakini ni dogo kuliko bei, njia tunayoipenda ni kumlipa mkopeshaji moja kwa moja kile anachodai, kwa akaunti yake yeye, akubali kwa maandishi kuiachilia friza, halafu salio ndilo linakwenda kwa muuzaji.

Na kama tayari umechomeka? Sisi hatuwezi kurudisha pesa hiyo. Kurudisha malipo ni kwa aliyekosea namba, na wewe hukukosea, ulimlipa uliyemkusudia. Unayemdai ni muuzaji. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inachukulia kwamba kila anayeuza ameahidi bidhaa haina deni la siri ambalo mnunuzi hakuambiwa, isipokuwa mkikubaliana vingine. Madai yasiyozidi milioni moja yanapelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Nenda na kitambulisho chako, ile karatasi ya mauziano, matokeo ya rejista na taarifa ya malipo. Taarifa hiyo unaipata kwetu ukiiomba, hata kama ulishaifuta meseji.