Kupangisha chumba kimoja kimoja: maneno ya kuandika ndani ya kontra



Mama yangu mdogo, anayekaa Kadutu hapa Bukavu, ana nyumba ya vyumba sita. Mwaka jana alibaki humo na watoto wake watatu tu. Akashika vyumba vitatu, na vingine vitatu akavipangisha: kimoja kwa mwanafunzi wa chuo, kimoja kwa muuguzi, kimoja kwa mume na mke wenye mtoto mchanga. Kila chumba dola 30 kwa mwezi, garanti ya miezi 3. Kontra alinunua mjini, ile karatasi iliyokwisha kuchapwa: jina la bayeri, jina la mpangaji, namba ya parseli, bei na sahihi. Hata miezi sita haikupita, akaniita: "Mwalimu, njoo usikilize watu hawa, mie nimechoka."

Nilikuta ugomvi wa mambo matatu: umeme, choo na garanti. Tulisoma ile karatasi mbele ya wote na haikusema neno hata moja. Wala si ajabu. Karatasi ile ilitungwa kwa jamaa moja inayochukua nyumba nzima. Hapo kila kilicho ndani kina mtu mmoja wa kukijibia. Lakini ukipangisha chumba kimoja kimoja, mlango wa chumba una mwenyewe, na choo, jiko, uwanja na konteri ya umeme havina. Basi kontra ya chumba lazima iongee zaidi juu ya vitu vilivyo nje ya chumba. Nitawaeleza tulivyoiandika upya.

Kwanza, kila chumba na kontra yake

Usiandike watu watatu kwenye karatasi moja. Mmoja akikosa kulipa, deni lake lisiwe la mwenzake, na mmoja akiondoka, kontra za wengine zisivunjike. Kisha taja chumba chenyewe na vitu vinavyotumiwa na wote. Sisi tuliandika hivi:

"Mpangaji amechukua chumba cha pili mkono wa kushoto, chenye dirisha moja na mlango mmoja. Pamoja na wengine anatumia choo, bafu, jiko la nje, bomba la maji, uwanja na kamba ya kuanika. Saloni na vyumba vya bayeri havimo."

Maneno hayo ya mwisho ni madogo lakini yana kazi. Muuguzi alikuwa akipokea wageni saloni kila Jumapili, naye hakuwa na kosa, kwa sababu hakuna mahali alipoambiwa kwamba saloni si yake pia.

Kwa choo na bafu tuliandika zamu ya usafi ya juma moja moja, chumba kwa chumba, na bayeri mwenyewe ana zamu yake. Juu ya kuharibika: aliyevunja analipa. Asipojulikana, gharama inagawanywa kwa wote, bayeri akiwemo, lakini kila chumba kisilipe zaidi ya dola 5. Paa, kuta, waya za ukutani na mabomba yaliyochakaa ni juu ya bayeri. Bila mpaka huo wapangaji hawatakubali kutia sahihi, na wana haki, kwani mtu wa dola 30 hawezi kukutengenezea nyumba.

Pili, umeme na maji

Hapa ndipo vita vilipoanzia. Konteri ni moja, fakitire ni moja. Mama mdogo alikuwa akigawanya sawasawa kwa milango minne. Mwanafunzi mwenye balbu na simu alilipa sawa na jirani mwenye frigo. Alinung'unika, kisha akanunua reshoo ya umeme akisema: "Kama nalipa sawa, nitumie sawa." Fakitire ikapanda mwezi huohuo.

Hesabu yake ni nyepesi kueleweka. Balbu ya kisasa ya wati 10 inawaka saa 100 ndipo konteri ihesabu kilowati-saa moja. Reshoo ya wati 1000 inamaliza kiasi hichohicho kwa saa moja tu. Kwa hiyo usigawanye kwa milango, gawanya kwa vyombo. Tulikubaliana alama: balbu na simu alama 1, televizyo alama 1, frigo alama 2, pasi alama 1. Reshoo tuliikataza kabisa ndani ya vyumba, kwa sababu waya za nyumba ile ni nyembamba. Ukigusa soketi ukasikia ina joto, au ukaona plastiki yake imegeuka rangi ya kahawia, waya umezidiwa na moto uko karibu.

Tazameni mwezi mmoja. Fakitire ilikuwa dola 24. Mwanafunzi alikuwa na alama 1, muuguzi mwenye televizyo alama 2. Wale mume na mke wana televizyo na frigo, basi alama 4. Mama mdogo ana balbu, televizyo, frigo na pasi, alama 5. Jumla alama 12, na kila alama ni dola 2. Mwanafunzi alilipa dola 2, muuguzi 4, jamaa yenye mtoto 8, mama mdogo 10. Hakuna aliyelalamika, kwani kila mmoja aliona hesabu ya mwenzake. Ndani ya kontra tuliandika pia kwamba fakitire inabandikwa ukutani siku inapofika, na kwamba anayeleta chombo kipya anakisema kabla ya kukichomeka.

Maji tuligawanya kwa vichwa, kwa maana ndoo inafuata watu. Hapo ndipo idadi ya watu inapopata maana. Kila kontra inataja kwa majina wanaolala chumbani. Mgeni wa juma moja ni wa kukaribishwa tu. Akizidi siku 7, mpangaji anamwambia bayeri. Akifika mwezi, anaongezwa kwenye hesabu ya maji na zamu ya usafi. Usiandike "wageni ni marufuku". Hakuna mtu wa kwetu atakayemfukuza ndugu aliyetoka kijijini, na maneno yasiyoweza kufuatwa yanadhoofisha kontra yote.

Na neno moja juu ya adhabu: usikate umeme kwa sababu ya mmoja asiyelipa. Unawaadhibu waliolipa, nao watakuwa na sababu ya kukunyima bei yako.

Tatu, garanti

Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3. Ndivyo mama mdogo alivyofanya, dola 90 kwa chumba. Lakini dola 90 za mwanafunzi zilikwenda kulipa minervali ya watoto mwezi wa tisa. Wamama, nani kati yetu hakufanya hivyo? Mwanafunzi aliposema anahama, pesa haikuwepo. Akajibu: "Basi nitakaa miezi mitatu bila kulipa, niimalize garanti yangu." Akaimaliza. Siku ya kuondoka tukakuta kioo cha dirisha kimevunjika, kufuli ya mlango haipo, na alama zake za umeme za miezi miwili hazijalipwa. Hakukuwa na kitu cha kukata. Garanti ilikuwa imekwisha kuwa bei ya nyumba.

Kwa hiyo kontra mpya inasema:

"Garanti ni dola 90. Mpangaji aliyetoa preavi anaweza kuimaliza miezi 2 kwa kukaa ndani. Dola 30 zinabaki mpaka siku ya kurudisha funguo. Chumba kinatazamwa na wote wawili, na ndani ya siku 7 bayeri anarudisha dola 30, akitoa tu vilivyoharibika na fakitire ambazo hazijalipwa, kwa maandishi."

Hivyo mama asiye na pesa ya kurudisha hatafuti dola 90, anatunza dola 30 tu kwa kila chumba. Lakini azitunze kweli. Usizitie kwenye likilimba, kwani siku mpangaji anapoondoka zamu yako inaweza kuwa bado mbali.

Ili kukata kwa haki, lazima mjue chumba kilikuwaje mwanzoni. Ingieni pamoja mchana, dirisha likiwa wazi, kabla ya mzigo kuingia. Andikeni: vioo vingapi vizima, kufuli inafunga au hapana, funguo ngapi, soketi na balbu, rangi ya ukuta, doa la maji darini. Karatasi hiyo itiwe sahihi na wote wawili, ikae pamoja na kontra. Asiyeiandika hawezi kudai kioo, kwa sababu mpangaji atasema alikikuta hivyo. Na rangi iliyofifia kwa miaka haimhusu mpangaji. Hiyo ni uzee wa nyumba.

Nne, ufunguo wa pili na kuondoka

Mama mdogo alikuwa na ufunguo wa kila chumba na aliingia kuangalia balbu kama zimezimwa. Kwake ilikuwa uangalifu wa mama. Kwa muuguzi, msichana anayelala mchana baada ya kazi ya usiku, ilikuwa hofu. Sasa imeandikwa: bayeri anaingia akiwa amesema siku moja mbele, na mpangaji akiwepo. Bila kusema, ni kwa moto au maji yanayomwagika tu.

Preavi tuliweka miezi 3 kwa pande zote mbili, kwa barua yenye tarehe. Mwenye deni au mgomvi anaandikiwa kwanza, na barua inatajwa ndani ya kontra. Lakini asiyetaka kutoka hatolewi kwa kutupiwa vitu nje wala kubadilishiwa kufuli, hata kama kontra imesema hivyo. Mpelekeni kwenye ofisi ya abita ya komini mpatanishwe, na mkishindwa kupatana ndipo kwenye tribinali de pe. Huko ndiko karatasi zenu zitasomwa, basi ziwe mbili zinazofanana, moja ya kila mmoja, na kila malipo yawe na risiti.

Chumba cha mwanafunzi kimepata mpangaji mwingine, fundi cherehani. Kabla ya kutia sahihi alisoma kontra mara mbili, kisha akauliza: "Mama bayeri, mashine yangu ya kushona ni alama ngapi?" Ni ya kukanyaga kwa mguu. Hawakuihesabu, lakini mama mdogo aliandika pembeni kwamba akinunua ya umeme itakuwa alama 1, na wote wawili wakatia sahihi hapo.