“Lakini hasa umetoka wapi?”

Tarehe 29 Novemba 2022, katika Kasri la Buckingham, London, Bi Ngozi Fulani alihudhuria hafla ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake. Mama wa makamo ya miaka 83, Lady Susan Hussey, aliyehudumu kasri kwa miongo mingi, alimuuliza ametoka wapi. Akataja shirika lake. Akaulizwa tena, akasema wapo Hackney, mtaa wa London. Hapana, wewe unatoka sehemu gani ya Afrika? Akasema amezaliwa Uingereza na ni Muingereza. Bado swali likarudi: watu wako hasa ni wa wapi? Siku ya pili Lady Hussey alijiuzulu, na baadaye akaomba radhi ana kwa ana.

Wenye jamaa Uingereza wamelisikia swali hili mara nyingi. Lakini hata huku kwetu, Mpemba aliyekaa Unguja miaka thelathini huulizwa kwao wapi.

Maneno ya namna hii yana jina tangu 1970, pale Chester Pierce, daktari wa maradhi ya akili wa Chuo Kikuu cha Harvard, mwenyewe Mmarekani mweusi, alipoyaita mashambulizi madogomadogo. Mwaka 2007 Derald Wing Sue na wenzake wakayapanga kwa aina. Sisi tunacho kijembe, lakini kijembe kina mrushaji mwenye kukusudia. Haya mara nyingi hayana, na hapo ndipo mabishano yanapoanza.

Mwaka 2017 mwanasaikolojia Scott Lilienfeld aliandika kwamba maana ya neno hili ni pana mno, na kwamba linategemea zaidi alivyohisi msikiaji. Alitaka mafunzo yanayolitumia yasimamishwe mpaka utafiti uwe imara. Sue alijibu kuwa waliyoyapata wenye kuumizwa nayo ni ushahidi.

Lilienfeld ana hoja, kwa sababu swali moja la “umetoka wapi?” laweza kuwa ukarimu mtupu, nasi mgeni tunamuuliza hivyo kabla ya kumtilia chai. Kumwita muulizaji mbaguzi kwa swali hilo pekee ni dhana mbaya. Ila tazama kilichotokea kasrini: jibu lilitolewa, likakataliwa, mara baada ya mara. Kuuliza ni jambo moja; kulikataa jibu ni kumwambia mtu kwamba anajidanganya kuhusu kwao.

Na nia njema? Katika fiqhi, aliyevunja chombo cha mwenzake kwa kukosea hana dhambi, lakini hulipa. Kwa mtazamo wangu, hapa pia ni hivyo: muulizaji asiyekusudia asiitwe adui, naye asijibu kwamba mwenzake ana hisia nyingi. Aombe radhi, kisha alipokee jibu aliloambiwa mwanzo: Hackney.