Anayesalimia Kundi Kila Asubuhi Hatafutwi na Mtu

Kuanzia huku Kambarage mjini Shinyanga hadi Kahama na kule Katoro kwa wachimbaji, mafundi wanaambiana jambo moja: ukitaka kazi, changamka kwenye makundi ya WhatsApp. Ingia makundi mengi. Salimia alfajiri, weka picha ya kazi yako mchana, usiku watakie watu usingizi mwema. Wakikuona kila siku watakuzoea, wakikuzoea watakupigia simu.

Nalipinga hilo, na sipingi kwa upole. Wanaofuata ushauri huu hawajulikani, wanazoeleka tu, na mtu aliyezoeleka ndiye jicho linayemruka. Fungua kundi lolote la kazi lenye watu mia kadhaa, shusha ujumbe wa wiki nzima, kisha jiulize nani umesimama kumsoma. Yule wa "Mwangaluka wana kundi" unamjua kwa umbo la ujumbe wake, na ndiyo maana hukuusoma.

Nakubali kwamba kwa wengine kelele inalipa. Anayeuza mitumba au mkaa anauza kitu ambacho wateja wanakijua tayari, kwa hiyo anachohitaji ni kukumbukwa siku fedha inapopatikana. Lakini mwenye vati la kuchenjua marudio ambaye dhahabu yake haitoki hatafuti mtu mchangamfu. Anatafuta mtu anayejua kwa nini haitoki, naye amebakiwa na siku chache kabla fedha ya mkopo haijaanza kudaiwa.

Tumtumie huyo kama mfano, maana kazi yake inaeleweka ukanda wote wa dhahabu. Marudio ni mchanga uliobaki baada ya mawe kupita kwenye karasha na dhahabu ya kwanza kukamatwa. Mchanga huo hujazwa kwenye vati, ukapitishiwa maji yenye sayanaidi, nayo huyeyusha dhahabu iliyosalia na kuipeleka kwenye kaboni. Kaboni ndiyo hupelekwa ilusheni. Sasa tuseme saa mbili usiku mtu anaandika kundini: "Wakuu, vati langu tani 30, leo siku ya nne, sayanaidi inaisha kila nikiweka, kaboni haina kitu. Nisaidieni."

Majibu ya kwanza unaweza kuyatabiri. Mmoja anamwambia aongeze sayanaidi. Wa pili anaandika "nicheki inboksi". Wa tatu anaweka bei ya kaboni mpya, wa nne stika ya mikono iliyounganishwa. Kesho yake kundi zima limesahau kwamba hao wanne walisema lolote, hata muulizaji mwenyewe.

Jibu la kujenga jina lingeanza kwa kuuliza. pH ya maji yanayotoka chini ya vati ni ngapi? Siyo ya yale yanayoingia juu, maana hayo umeyatengeneza wewe mwenyewe, na kilichotokea ndani ya mchanga kinasomwa kwenye yanayotoka. Mchanga umetoka duara lipi, wa juu uliokwisha kuoza au wa chini wenye mawe yanayong'aa? Ulipima gramu kwa tani kabla ya kujaza?

Kisha jibu linaeleza kwa nini limeuliza hivyo. Sayanaidi hutulia kwenye maji yenye chokaa ya kutosha, pH ya kati ya 10.5 na 11. Ikishuka hadi karibu 9.3, nusu yake inageuka gesi. Gesi hiyo haiyeyushi dhahabu. Inapanda hewani, na aliyesimama juu ya vati anaivuta. Kwa hiyo kama maji yanatoka na pH ya 9, kuongeza sayanaidi ni kumwaga fedha na kuhatarisha vibarua. Acha kuongeza, ondoa watu pale juu, rudisha chokaa kwenye tanki la maji, zungusha, na upime tena yanayotoka chini kabla ya kugusa kitu kingine. Lakini kama pH imesimama vizuri kwenye 10.5 na bado sayanaidi inaliwa, basi mlaji yumo ndani ya mchanga. Shaba ni mmojawapo anayejulikana sana, na hapo sampuli iende maabara kupimwa shaba kabla hujatumia shilingi nyingine.

Halafu linakuja swali la tatu, lile ambalo wengi huona aibu kuliuliza: je, dhahabu ilikuwepo? Kama mchanga ulipimwa ukawa na gramu 3 kwa tani, tani 30 zina gramu 90. Ukiupima baada ya kuchenjua ukakuta gramu 1.2, basi gramu 1.8 kwa kila tani zimetoka, jumla gramu 54. Hizo 54 zinapaswa kuonekana mahali. Kaboni ikiwa na 30 tu, kosa si la sayanaidi: dhahabu ilitoka mchangani ikashindwa kukamatwa. Angalia kama kaboni imechoka, imeziba chokaa, au imepata mafuta ya pampu. Na ikiwa mchanga haukupimwa tangu mwanzo, mwambie hivyo waziwazi: mpaka vipimo viwili vipatikane, kila mtu kundini anabahatisha, wewe ukiwemo.

Jibu hilo linaandikwa kwa dakika 15. Limemfaa muulizaji, lakini waliokusudiwa hasa ni wengine, wale wasioandika kamwe. Kati yao wamo wenye mavati yanayoelekea kwenye tatizo hilohilo, na yumo anayetafuta msimamizi wa mtambo. Hao hawakuhesabu siku ulizosalimia. Wameona namna unavyofikiri mbele ya tatizo, na wameona kwamba unajua wapi ujuzi wako unaishia. Ndiyo maana "nicheki inboksi" ni kujinyima: umemchukua shahidi mmoja, mamia ukawafungia mlango.

Kuna kipande kinachosahaulika hata na wanaojibu vizuri, nacho ni mrejesho. Baada ya siku tatu, muulize mwenye vati palepale kundini: pH imefika ngapi, na maji yanasemaje? Akijibu kwamba ilikuwa 8.8 na sasa sayanaidi inakaa, hukuhitaji kujisifu, ameshakutaja. Akijibu kwamba hakuna kilichobadilika, bado umepata kitu ambacho msalimiaji hatakipata: tatizo gumu zaidi, na watu wanaofuatilia mtalimalizaje.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kwa udogo wake. Mtu anajibu vizuri mwaka mzima na jina lake halijulikani, kwa sababu jina lenyewe halipo. Kwenye kundi la WhatsApp, asiyekuhifadhi kwenye simu yake huona namba yako pamoja na alama ya ~ na kile ulichojiandikia kwenye wasifu. Ukijiandikia "Yote Maisha", ama moyo na miali mitatu ya moto, basi hicho ndicho watu wanachokiona juu ya maelezo yako mazuri ya pH. Wiki ijayo unabadilisha kuwa "Baba Junior", nao wanaanza upya. Andika jina unaloitwa kazini, kazi na mji, kisha uliache. Si lazima liwe la kwenye kitambulisho. JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006, ina watu waliojenga heshima kubwa kwa majina ya kubuni, ila walikaa na jina moja.

Baya zaidi ni pale jibu lako linapopendwa. Mtu analifowadi kundi jingine, na huko linafika likiwa na neno Forwarded juu yake na jina la aliyelituma. Jina lako limebaki kundi la kwanza. Nimekutana na maelezo ya namna hiyo yanayozunguka Geita na Kahama bila mwenyewe, na ninaamini yupo fundi mahali fulani anayelalamika kwamba kundini hakuna faida. Dawa ni mstari mmoja mwishoni mwa jibu refu, ndani ya maandishi yenyewe: jina, kazi, mji, tarehe. Tarehe kwa sababu bei na kanuni hubadilika, na hutaki kulaumiwa mwakani kwa jibu la leo.

Andika, usirekodi. Najua vidole huchoka na sauti ni rahisi, lakini ujumbe wa sauti wa dakika sita hautafutiki. Mtu akikumbuka baada ya miezi miwili kwamba kuna aliyeeleza habari za chokaa, atatafuta neno "chokaa" kwenye kundi, na sauti yako haitatokea.

Kuhusu wingi wa makundi, hesabu ni fupi. Kundi la WhatsApp linaweza kubeba watu 1,024, na aliye kwenye makundi 20 hawezi kusoma hata nusu ya maswali kwa wakati, ilhali jibu linalokuja kesho asubuhi hukuta mtu ameshamwaga sayanaidi. Mawili yanatosha: moja wanakokaa wenye shida unayoitatua, jingine wanakokaa mafundi wenzako. La pili wengi hulidharau kwa kuwa halina wateja. Lakini fundi aliyeelemewa na kazi, au aliyeko mbali, huulizwa "nani mwingine?", na atamtaja yule aliyemwona akijibu bila kubahatisha.

Utajuaje kwamba jina limeshika? Usihesabu vidole gumba. Nyamaza wiki moja. Likija swali la eneo lako, na mtu usiyemjua akaandika @ na jina lako ili uitwe, limeshika. Kama kundi limeendelea bila kutambua kwamba haupo, salamu zako zote zilikuwa zinakupa wewe raha, siyo wao.

Najua pingamizi litakalokuja, nimelisikia mara nyingi: nikimwaga ujuzi wote bure, nani atanilipa? Linatoka kwa watu wanaodhani kazi yao ni siri. Mwenye vati akishajua kwamba pH ndiyo kisa, bado anahitaji mtu wa kufika, kuchukua sampuli kwa namna isiyodanganya, kupanga kiasi cha chokaa kwa mchanga ule, kukaa na vibarua usiku wakati maji yanazunguka. Kundini umetoa utambuzi. Kazi ya mikono bado iko kwenye vati, na ina bei yake. Akikupigia, mtajie bei hiyo kwenye simu ileile, pamoja na nauli ya kufika, kabla hajauliza.