Ukanda wa dola 1,530: Jinsi ngome ya dhahabu ilivyochoka kabla ya kuanguka Aprili 2013

SIKU mbili za biashara zilitosha kuondoa zaidi ya dola 200 za Marekani katika bei ya kila wakia ya dhahabu. Alhamisi, Aprili 11, 2013, wakia moja ilikuwa ikiuzwa kwa takriban dola 1,560. Jumatatu, Aprili 15, masoko yalipofungwa, bei ilikuwa karibu dola 1,350. Anguko la Jumatatu hiyo pekee lilikaribia asilimia tisa, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa siku moja kwa takriban miaka 30.

Sababu zilizotajwa wakati huo zilikuwa za kihabari. Siku chache kabla, ilielezwa kuwa Cyprus ingeuza dhahabu ya thamani ya Euro milioni 400 hivi ili kujinasua katika madeni, na benki ya Goldman Sachs ya Marekani ilikuwa imewashauri wateja wake wauze. Hata hivyo, dhahabu ya Cyprus ilikuwa tani kama kumi tu, kiasi ambacho soko la dunia hulimeza bila kutetereka. Swali lililobaki ni kwa nini habari ndogo kiasi hicho ilibomoa sakafu ambayo kwa miezi 18 iliwarudisha nyuma wauzaji kila walipoifikia.

Jibu moja linapatikana katika njia ya kusoma chati inayotumiwa na wafanyabiashara wengi wa fedha na madini, wakiwamo vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wanaofuatilia bei ya dhahabu kwenye simu zao. Njia hiyo hugawa chati katika kanda za mahitaji, ambako wanunuzi waliwazidi nguvu wauzaji, na kanda za ugavi, ambako wauzaji ndio waliotawala.

Uchoraji wake hauna uchawi. Mchoraji hatafuti mahali bei ilipokaa muda mrefu. Hutafuta mahali ilipoondoka kwa kishindo. Bei ikitulia kidogo, mishumaa miwili au mitatu mifupi ikafuatana, kisha ukaja mmoja mrefu unaopaa bila kutazama nyuma, utulivu ule mdogo ndio ukanda wa mahitaji. Mstari wa juu huwekwa pale bei ilipoanzia kuondoka, na wa chini huwekwa kwenye ncha ya chini kabisa ya utulivu huo. Bei ikiondoka kwa kuporomoka, kinachobaki juu ni ukanda wa ugavi.

Hoja iliyo nyuma ya mistari hiyo inahusu oda. Taasisi inayotaka kununua tani kadhaa za dhahabu haiwezi kuzipata zote kwa bei moja na kwa dakika moja, kwa sababu wauzaji wa bei hiyo huisha na bei hupanda kabla haja yake haijatimia. Kuondoka kwa kishindo huchukuliwa kuwa dalili kwamba mnunuzi mkubwa aliachwa na safari ilhali mzigo wake haujajaa. Bei ikirudi pale alipoachwa, anatarajiwa kuwapo, akisubiri kujaza kilichosalia.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Ikiwa ukanda ni ghala la oda ambazo hazijatimizwa, basi kila bei inaporudi, sehemu ya oda hizo hutimizwa na kuondoka. Tuchukue mfano wa mnunuzi aliyebakiwa na haja ya tani kumi. Marejeo ya kwanza yakimpatia tano, ya pili yakampatia tatu, yale ya tatu yatamkuta akiwa na haja ya tani mbili tu. Kwa macho ya mtazamaji ukanda umeshika mara mbili na unaonekana imara kuliko awali, lakini ghala limebaki robo ya hali yake ya mwanzo, au pungufu ya hapo.

Chati ya dhahabu ya mwaka 2011 hadi 2013 inaonyesha hali hiyo kwa uwazi usio wa kawaida. Baada ya kufikia kilele cha takriban dola 1,920 mapema Septemba 2011, bei iliporomoka. Jumatatu, Septemba 26, ikagusa maeneo ya dola 1,530 na kitu, kisha siku hiyo hiyo ikaruka kwa zaidi ya dola 80. Hiyo ndiyo ilikuwa kuondoka kwa kishindo. Kufikia Novemba bei ilikuwa karibu dola 1,800, na yeyote aliyekuwa na kalamu aliweza kuchora ukanda wa mahitaji chini yake.

Marejeo ya kwanza yalikuja siku za mwisho za Desemba 2011. Bei ilishuka hadi takriban dola 1,522, ikipenya kidogo chini ya alama ya Septemba, na kuwalazimisha wachoraji kusogeza mstari wao wa chini. Ukanda ukawa kati ya dola 1,520 na 1,550. Mwitikio ulikuwa wa haraka: ndani ya miezi miwili bei ilikuwa imefika dola 1,790 hivi.

Hapo juu nako kulikuwa na ukanda, ila wa ugavi. Februari 29, 2012, dhahabu ilianguka kwa zaidi ya dola 70 kwa siku moja kutoka maeneo hayo, siku ambayo Mwenyekiti wa Benki Kuu ya Marekani, Ben Bernanke, alizungumza mbele ya Bunge la nchi hiyo. Kuanzia siku hiyo soko lilikuwa limebanwa kati ya kanda mbili.

Mei 2012 bei ilirudi tena chini, hadi takriban dola 1,527. Ukanda ulishika, lakini namna ulivyoshika ilikuwa tofauti. Safari hii bei haikuondoka. Kwa takriban miezi mitatu ilijikokota kati ya ukanda huo na dola 1,640, ikishuka na kuugusa tena na tena. Ni kweli kwamba baadaye ilipanda hadi karibu dola 1,796, Oktoba mwaka huo, na mtetezi wa ngome ana haki ya kuitaja safari hiyo. Lakini safari hiyo ilipata msukumo mkubwa wa Septemba 13, 2012, Benki Kuu ya Marekani ilipotangaza awamu ya tatu ya ununuzi wa dhamana. Bila msukumo wa aina hiyo, wanunuzi wa ukanda walikuwa wameshindwa kuipeleka bei popote. Ilipofika Oktoba, ukanda wa ugavi wa juu ukairudisha.

Dalili za mwisho zilikuwa za wazi zaidi. Februari 2013 bei ilishuka hadi karibu dola 1,555, ikaruka, na kuishia takriban dola 1,616 mwezi Machi. Mapema Aprili ikafika dola 1,540, ikaruka tena, na kukwama karibu dola 1,590. Ukanda uliokuwa ukitoa mruko wa dola 270 sasa ulitoa 60, kisha 50. Muda kati ya kurudi kumoja na kwingine nao ulikuwa umepungua kutoka miezi kadhaa hadi wiki chache.

Mafunzo mengi ya zamani ya chati yanasema kinyume: kwamba sakafu iliyoguswa mara nyingi bila kuvunjika ni imara zaidi. Pande zote mbili zina chembe ya ukweli. Miguso mingi huwafanya watu wengi waione sakafu hiyo, na wanaoiona huweka oda zao za kununua hapo. Lakini watu hao hao huweka na oda nyingine chini kidogo ya ukanda, za kuuza ili kukata hasara endapo mambo yataharibika. Mchumi Carol Osler, aliyewahi kufanya utafiti katika Benki ya Hifadhi ya Shirikisho ya New York, alichunguza oda za soko la fedha za kigeni na kubaini mpangilio wa namna hiyo: oda za kuvuna faida hurundikana kwenye namba za mviringo, na oda za kukata hasara hurundikana ng'ambo tu ya namba hizo.

Kwa hiyo, kila mguso ulikuwa ukifanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Ulikuwa ukipunguza wanunuzi ndani ya ukanda, na ukiongeza mrundikano wa wauzaji wa lazima chini yake. Ijumaa, Aprili 12, bei ilipopita chini ya dola 1,520, oda hizo zilianza kulipuka moja baada ya nyingine, kila moja ikiisukuma bei kwenye inayofuata. Siku hiyo ilifunga chini ya dola 1,490. Jumatatu ikamaliza kazi.

Hesabu ya mfanyabiashara inaonyesha gharama ya kutolitambua jambo hili. Aliyenunua kwa dola 1,540 katika marejeo ya Desemba 2011, akaweka kikomo cha hasara dola 1,515, alihatarisha dola 25 kwa wakia na soko likampa nafasi ya kuvuna hadi 250. Aliyefanya vivyo hivyo mapema Aprili 2013 alihatarisha dola 25 zile zile kwa nafasi ya 50. Na iwapo hakuwa na kikomo, au alikiondoa kwa kuamini kuwa ukanda umeshashika mara nyingi, Jumatatu jioni alikuwa amepoteza takriban dola 190.

Wako wanaopinga maelezo haya yote, na pingamizi lao ni la msingi. Oda ambazo hazijatimizwa hakuna anayeziona. Sehemu kubwa ya biashara ya dhahabu hufanyika London baina ya taasisi na taasisi, na chati huonyesha bei zilizokwishalipwa tu. Aidha, mnunuzi anaweza kubadili nia, na mwingine mpya anaweza kuingia na kulijaza ghala upya. Hivyo kuhesabu miguso peke yake hakutoshi. Kinachoeleza zaidi ni kila mguso ulizaa nini: mruko ulifika wapi, ulichukua muda gani, na bei ilikaa ndani ya ukanda kwa kiasi gani kabla ya kutoka.

Kwa Tanzania, ambako dhahabu ni miongoni mwa bidhaa zinazoongoza kuingiza fedha za kigeni, anguko hilo halikuwa mchezo wa chati. Wanunuzi wa Geita na Kahama hutazama bei ya dunia kabla ya kutaja yao, na mchimbaji mdogo hana mahali pa kuweka kikomo cha hasara.

Baada ya kuvunjika, ukanda uligeuka. Dhahabu ilishuka hadi karibu dola 1,180 mwishoni mwa Juni 2013, na ilichukua zaidi ya miaka sita kurudi ilikotoka. Agosti na Septemba 2019 ilipanda mara kadhaa hadi maeneo yale yale, kati ya dola 1,535 na 1,557, na kila mara ikarudishwa, sasa na wauzaji. Novemba ilikuwa chini ya dola 1,460. Kisha ikajaribu tena mwishoni mwa Desemba, na safari hiyo wauzaji wa ukanda hawakutosha. Januari 8, 2020, wakia moja iligusa dola 1,611.