Wito kwa wachezaji wetu: msifute mchezo, tunzeni faili zenu



Toleo jipya mnalolisubiri, lile lenye njia za Westlands, Kangemi na Uthiru, halitatoka wiki hii. Tumelizuia kwa sababu linaweza kupoteza kila kitu mchezaji alichokichuma: pesa, magari na njia alizofungua. Kosa liko ndani ya programu yetu, simu zenu hazina tatizo. Nawaeleza kinaganaga kwa kuwa kuna mambo ambayo ni ninyi tu mnaoweza kutusaidia kuyafanya.

Habari tuliipata kwa dada mmoja kati ya waliojitolea kulijaribu toleo hili. Hucheza akiwa kwenye matatu, akitoka Kawangware kuja tauni, na simu yake ina RAM ya GB 2. Alipigiwa simu katikati ya mchezo, akapokea, kisha akafungua WhatsApp atume picha. Aliporudi, mchezo ukamkaribisha kama mgeni: "Andika jina lako." Akaandika, akaanza, na kila alichokuwa nacho kikawa kimekwenda.

Mchezo ukiwekwa kando, hupata muda mfupi wa kuhifadhi hali yake. Kwenye simu yenye RAM ndogo, Android yaweza kuuzima wakati wowote ili programu nyingine ipate nafasi. Programu yetu ilikuwa ikifungua faili ya zamani, `hifadhi.dat`, ikiifuta yote, ndipo ianze kuandika upya. Ikizimwa hapo katikati, ya zamani haipo na mpya haijakamilika. Ni sawa na mwenye duka kuchana ukurasa wa madeni kabla hajamaliza kuunakili. Zamani faili ilikuwa ndogo na uandishi uliisha upesi, hivyo hatari haikuonekana. Njia mpya zimeikuza faili, na muda wa hatari ukarefuka.

Jambo la pili ndilo lililoleta hasara kubwa zaidi. Mchezo uliposhindwa kusoma faili iliyokatika, ulidhani mwenye simu ni mchezaji mpya. Alipoanza kucheza, ukaandika faili nyingine juu ya ile mbovu. Sehemu iliyosalia ingeweza kuokolewa, lakini sasa nayo ikafutika.

Tunachofanya sasa ni kuandika hali mpya katika faili ya pembeni, `hifadhi.tmp`, bila kuigusa ya zamani. Tunaiamuru simu iifikishe kwenye hifadhi yake ya kudumu, tunaisoma tena kuhakikisha imetimia, na hapo tu ndipo inapochukua jina la faili kuu. Kubadilisha jina hufanyika kwa hatua moja: ama limebadilika, ama bado. Nakala ya awali inabaki kama `hifadhi.bak`, na faili ikishindwa kusomeka, mchezo utarudi kwenye nakala hiyo badala ya kuanza upya.

Tunayajaribu marekebisho haya kwenye simu za mitumba tulizonunua Luthuli Avenue, zile ambazo betri zake huchomoka. Kuuzima mchezo peke yake hakutoshi, kwa maana data iliyokwisha kukabidhiwa kwa Android bado huandikwa. Betri ikichomolewa, kilichokuwa kwenye RAM hupotea papo hapo, na hapo ndipo tunapoona kama faili imefika kweli. Tunayajaribu pia kwenye simu iliyojaa picha na video, isiyo na nafasi ya faili ya pili. Hapo mchezo unapaswa kutoa onyo na kuiacha faili ya zamani salama.

Google Play inaturuhusu kutoa toleo kwa watu wachache kwanza na kulisimamisha likileta shida. Haituruhusu kulirudisha likishaingia kwenye simu ya mtu. Ndiyo maana tumeona heri msubiri.

Sasa ombi letu. Nyote mlio na toleo la zamani, endeleeni kucheza, ila msiondoe mchezo kwenye simu wala kufuta data yake, kwani faili yenu huondoka nao. Msikubali APK ya toleo jipya inayosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp, kwa kuwa ina kosa hilihili. Acheni nafasi kidogo kwenye simu.

Mlio na toleo la majaribio, msilifungue kwa sasa. Ikiwa limeshawauliza jina upya, msiandike chochote. Bonyezeni Msaada chini ya skrini hiyo, kisha Tuma faili. Hata faili iliyokatika nusu itatusaidia kuwarudishia yale yaliyosomeka.

Na kama una simu ya RAM ya GB 2 au chini yake, jiandikishe kwenye Msaada ujaribu marekebisho nasi. Simu kama yako ndiyo iliyotuonyesha kosa hili, na ndiyo itakayotuambia kama limekwisha.

Wenu,
Kiongozi wa studio, Nairobi