Kuwasha Taa Mchana si Kusahau



Ukiendesha pikipiki mchana hapa Uriri huku taa ya mbele inawaka, hufiki mbali kabla ya mtu kukukumbusha. Dereva wa matatu anakumulikia mara mbili. Mama aliye kando ya njia anakunja na kukunjua vidole. Utingo anatoa kichwa dirishani na kupaza sauti, "Taa, ndugu!" Wote wanadhani umesahau. Twawashukuru kwa wema wao, lakini yatupasa kusema wazi: aliyesahau ni yule mwenye pikipiki aliyezima taa mchana.

Sisi sote twaijua barabara yetu kuu itokayo Awendo, ikapita Uriri, ikashuka Migori na kwenda mpakani Isebania. Ndani yake mna malori, matatu, trekta za miwa na bodaboda, wote katika njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Kando yake miwa imesimama mirefu kuliko mtu.

Tufanye hesabu. Trekta inakokota tela la miwa kwa kilomita 20 kwa saa. Nyuma yake inakuja matatu kwa kilomita 70, na dereva anataka kupita. Ili aanze nyuma ya tela na kurudi salama mbele ya trekta, yampasa kuipita kwa kama mita 70. Hiyo ni kazi ya sekunde 5, na katika sekunde hizo matatu inakula karibu mita 100 za barabara. Bodaboda anayekuja upande wa pili kwa kilomita 50 anakula mita 70. Ongeza sekunde 2 za dereva kutazama na kukata shauri, na jumla inakaribia mita 240. Huo ni urefu wa viwanja viwili vya mpira na zaidi. Maana yake dereva lazima amwone bodaboda akiwa mbali hivyo, ama sivyo atatoka upande wake akidhani njia ni nyeupe.

Basi simama kando ya barabara utazame pikipiki isiyo na taa ikiwa mbali kiasi hicho, nyuma yake kukiwa na miwa au kivuli cha miti. Ni kitu chembamba, cheusi, kama mtu aliyesimama. Tena jicho la mwanadamu hujua kuwa kitu kinakuja kwa jinsi kinavyozidi kuwa kikubwa. Lori hukua upesi machoni, lakini pikipiki ni nyembamba, haikui mpaka imefika karibu. Ndiyo sababu baada ya ajali twasikia dereva akiapa kwamba alitazama wala hakuona mtu. Mara nyingi hasemi uongo. Alitazama kweli, ila hakuona.

Taa huondoa sehemu moja ya hatari hiyo. Nukta nyeupe mbele ya majani ya kijani hushika jicho kabla ya umbo la pikipiki kuonekana. Lakini tusijidanganye: taa moja husema tu "nipo", haisemi "nakuja kwa mwendo gani". Kwa hiyo mwenye taa asidhani amepewa ruhusa ya kukimbia.

Jambo hili limejaribiwa kwingine. Malaysia ililazimisha pikipiki kuwasha taa mchana mwaka 1992, na watafiti wa huko wakaona ajali zinazotokana na pikipiki kutoonekana zimepungua kwa karibu asilimia 29. India, ambako pikipiki nyingi za bodaboda zetu hutengenezwa, iliagiza kwamba pikipiki mpya kuanzia Aprili 2017 ziwe na taa inayowaka yenyewe injini ikiwaka. Nao Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya usalama barabarani, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2009, unasema kuwa pikipiki inayokwenda mchana iwe na taa mbele na taa nyekundu nyuma.

Je, na motokaa? Hapo sisi hatusemi jambo lile lile. Sweden ililazimisha magari yote kuwasha taa mchana tangu mwaka 1977, lakini huko kaskazini jua la majira ya baridi hukaa chini na mchana huwa hafifu. Jua la Uriri saa saba halihitaji msaada huo. Austria nayo iliamuru magari yote yawashe taa mchana mwaka 2005, na ilipofika mwaka 2008 ikaifuta amri hiyo. Hoja moja iliyosikika ni kwamba taa zikiwa kila mahali, taa ya pikipiki haitambulikani tena. Twaiona hoja hiyo kuwa na maana. Mwenye pikipiki awashe daima. Mwenye motokaa awashe pale macho yanaposhindwa: mvua ya alasiri, vumbi la njia za murram, moshi wa shamba la miwa lililoshika moto, na jua linapotua. Na iwe taa ya dimu, iliyoinama, si fuli inayopofusha wenzake.

Hapa pana mtego ambao madereva wa magari mapya wataufahamu. Ulaya iliagiza kwamba aina mpya za motokaa kuanzia mwaka 2011 ziwe na taa maalumu za mchana, zinazowaka zenyewe injini ikiwashwa. Magari ya namna hiyo tunayo hapa. Lakini katika mengi yao taa hizo huwaka mbele peke yake. Mvua ikishuka, dereva anaona mwanga mbele yake, na vidude vya dashibodi vinang'aa, anadhani amewasha taa zote, kumbe nyuma ni giza na lori linamfuata. Jipime leo: washa injini, usiguse swichi ya taa, shuka uende nyuma ya gari. Ukikuta giza, ujue kuwa mvua ikinyesha mkono wako ndio utakaowasha taa.

Wenzetu wa bodaboda watatujibu kuwa taa inamaliza betri. Wajipime nao. Washa taa injini ikinguruma, kisha zima injini bila kuondoa ufunguo. Taa ikizimika papo hapo, mara nyingi inalishwa na koili ya injini, wala betri haihusiki. Ikiendelea kuwaka, basi inatumia betri, na mashine nzima huijaza betri hiyo tena ikiwa njiani. Betri ikifa kila wiki, fundi aipime injini ikikimbia: ikiwa haifiki volti 13, kosa ni la chaji, si la taa.

Kinachokwisha kweli ni globu, kwa kuwa inawaka saa nyingi zaidi. Hapa ndipo neno letu linapowahusu wenye pikipiki. Wengi wetu twaendesha mashine za watu na kupeleka hesabu kila jioni. Globu ni sehemu ya mashine kama vile mnyororo na tairi, na mwenye mashine ndiye anayepaswa kuinunua. Si haki mtu achague kati ya globu na unga wa watoto, kisha akigongwa aambiwe hakuonekana.

Basi twaomba kila steji, tangu Awendo mpaka Migori, ikubaliane na wenye pikipiki juu ya jambo hili moja. Na kesho mtu akikupungia vidole kwamba umesahau taa, mjibu kwa adabu: "Sikusahau, ndugu. Nimewasha ili unione."